Taa ya nyuma ilivyotaka kuniponza kwenye bima

Nina bima kubwa ya gari, IST yenye thamani ya milioni 14. Nilikatiwa asilimia 3.5, yaani 490,000, na VAT juu yake. Jina la kampuni naliacha.

Mwezi wa 8 bodaboda alinigonga kwa nyuma, bampa na taa ya kulia vikaenda. Fundi wa mtaani alinitoza laki mbili na nusu, nikalipa mfukoni bila kufungua dai. Mwezi wa 11 nikamgonga wa mbele yangu kwenye foleni: boneti, rejeta, taa zote mbili za mbele. Trafiki wakakagua gari, ripoti yao ya PF 90 ikatoka, mkaguzi wa bima naye akaja. Makadirio yakafika 3,400,000.

Baada ya wiki mbili nikapata barua: bima ni batili kwa kuwa gari lilitengenezwa na gereji isiyoidhinishwa. Kumbe mkaguzi aliona taa ya nyuma mpya, akaniuliza, nami nikamweleza yote. Mdomo wangu!

Nikaenda kuusoma mkataba wenyewe wa bima, si kile kipeperushi cha wakala. Kifungu chao kinakataza kuanza kutengeneza "uharibifu unaodaiwa" kabla ya kibali. Neno unaodaiwa ndilo lililoniokoa. Taa ya nyuma sikuwahi kuidai, na uharibifu ninaoudai ulikuwa bado haujaguswa na fundi yeyote.

Nikawajibu kwa barua, nikagongesha muhuri wa mapokezi kwenye nakala yangu. Niliwaomba wanionyeshe kifungu kinachofuta bima nzima kwa sababu hiyo, kwani kukataa dai moja ni jambo jingine kabisa. Nikawauliza taa ya nyuma ilichangiaje rejeta kupasuka. Na kama bima ilikufa tangu mwezi wa 8, mbona hawajarudisha pesa ya miezi iliyobaki? Nikaambatanisha risiti ya fundi, picha za mwezi wa 8 na ripoti ya mkaguzi wao wenyewe, iliyoandika kuwa uharibifu wote uko mbele. Mwisho nikawaandikia kwamba wakishikilia msimamo huo, nitalipeleka kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Nisiwaonee: ajali ya mwezi wa 8 nilipaswa kuwataarifu hata kama sidai kitu, na wangeanzia hapo ningebanwa zaidi. Vilevile, kama fundi wangu angekuwa amegusa rejeta au breki, swali lao lingekuwa la haki.

Siku ya 12 walipiga simu. Neno batili halikutajwa tena, wala samahani. Wakatoa kibali kwa gereji yao, nikachangia eksesi ya asilimia 10, yaani 340,000, wao wakabeba 3,060,000. Kazi ya gereji ni safi, rangi haijulikani ilipoungana.

Nawapa nyota 2 kati ya 5, na zote mbili ni za mpiga rangi.