DaVinci Resolve ya bure kwa video ya harusi iliyopigwa na wageni: uzoefu wangu

Harusi ya mdogo wangu pale Morogoro haikuwa na mpiga video. Kamati iliona hela iende kwenye chakula, kila mwenye simu arekodi, halafu mimi niunganishe. Nimetumia DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video, toleo lake la bure, na nitaitumia tena. Ila ujue mapema kwamba sehemu kubwa ya kazi inafanyika kabla hujaifungua.

Klipu ikipitishwa WhatsApp kwa njia ya kawaida inabanwa, na nyuso za watu ukumbini zinakuwa vidoa tu. Nilifungua folda ya Google Drive nikatuma linki kwenye grupu. Mashangazi walioshindwa Drive niliwaomba watume kwa kuchagua Document, kwa sababu hapo faili linafika kama lilivyotoka kwenye simu.

Shida inayofuata haionekani mpaka umeshaanza kukata. Simu nyingi hazirekodi kwa mwendo mmoja: mwanga ukipungua, fremu kwa sekunde nazo zinapungua, kisha zinapanda tena. Utaitambua kwenye klipu ndefu. Mwanzoni mdomo na sauti vinakwenda pamoja, dakika kadhaa mbele mshereheshaji ameshafunga mdomo na maneno bado yanatoka. Dawa yake ni HandBrake, programu ya kugeuza faili za video, nayo ni ya bure. Nilipitisha klipu zote humo, H.264, fremu 30, nikiweka alama kwenye Constant Framerate. Klipu za iPhone zilizorekodiwa kwa HDR, ambazo mwanga wake hukataa kabisa kukaa sawa na za simu nyingine, nilizichagulia BT.709 kwenye Colorspace, ndani ya Filters. Kwenye Resolve nayo nikaweka 30 kabla ya kuingiza chochote, maana ukishaingiza klipu namba hiyo haibadilishwi tena kwenye mradi.

Sasa sauti, na hapa ndipo video za namna hii zinapokufa. Mtazamaji atavumilia picha inayotikisika, ila wimbo unaoruka kila picha inapobadilika hatauvumilia. Maharusi walipoingia kuna simu iliyokuwa jirani na spika, nyingine katikati ya akina mama wa vigelegele, nyingine mlangoni. Ukikata kutoka moja hadi nyingine na sauti zake, utadhani kumbi tatu tofauti. Kwa hiyo kila tukio nililipa sauti moja tu tangu mwanzo hadi mwisho. Muziki nilichukua rekodi ya dijei kutoka kwenye mikisa yake, na hotuba ya baba nikatumia simu ya binamu aliyekaa meza ya mbele, hata pale picha inapotoka simu nyingine kabisa. Klipu zote nilizipanga juu ya sauti hiyo kwa Auto Align Clips, ambayo inalinganisha mawimbi ya sauti yenyewe. Sauti za wageni sikuzifuta. Nilizishusha hadi zikabaki kwa chini, vigelegele visikike, la sivyo ukumbi unakuwa kama hauna watu. Klipu ambayo mawimbi yake yamekatwa vichwa, yaani yako bapa juu na chini, sauti yake imepasuka tangu inarekodiwa. Tumia picha yake, sauti achana nayo.

Rangi niligawa kwa mwanga, sikugawa kwa simu: kanisani, nje jioni, ukumbini. Kila fungu nilichagua klipu moja nzuri iwe kipimo, nyingine zote zikaifuata. Nilianza na mwangaza, ndipo nikagusa weupe, nikitazama gauni la bibi harusi kwenye kipimo cha Parade. Gauni likiwa jeupe kweli, nyekundu, kijani na bluu zinakaa karibu kimo kimoja. Bluu ikipanda peke yake, simu hiyo imepoza picha, unaishusha. Kuna amri ya Shot Match inayolinganisha klipu zenyewe kwa zenyewe, lakini inapima picha nzima. Klipu iliyojaa vitenge vyekundu na iliyojaa ukuta mweupe hazitapatana kwa njia hiyo, na ngozi za watu ndizo zitakazoharibika. Mkono na jicho ni bora.

Taa za zambarau za ukumbini sikuzishinda, na sidhani kama zinashindika. Kijani karibu haimo kwenye mwanga ule, kwa hiyo hakuna cha kurudisha usoni. Nilipunguza ukolezi wa rangi kwenye klipu zote za dansi kwa kiasi kimoja, zikaonekana kama mtu aliamua ziwe hivyo.

Toleo la bure linatoa video mpaka 4K bila nembo yoyote juu ya picha. Kinachokosekana kwa kazi hii ni kusafisha chenga za gizani, kifaa kilichomo kwenye Studio, toleo la kulipia. Kwa harusi moja nisingelipia. Pesa hiyo ningeongezea RAM, kwa sababu kompyuta yenye GB 8 itakutesa, labda utengeneze nakala nyepesi za klipu kwa Generate Proxy Media na uhariri kwa hizo.