Betri za flashi ya kamera: kwa nini nimeacha nikeli-zinki nikarudi kwenye NiMH

Mwaka jana nilinunua betri nane za nikeli-zinki, saizi ya AA, pamoja na chaja yake. Muuzaji wa Kariakoo aliniambia ni kali kuliko zote, na kwa miezi minne ya kwanza sikuwa na ubishi naye. Kisha ikaja sendoff moja Sinza. Bibi harusi yuko mlangoni na wapambe wake, MC ameshamwita, muziki umepanda, na flashi inawaka kama kawaida, picha baada ya picha. Dakika kama kumi baadaye ikazima ghafla, bila kupunguza kasi kwanza na bila taa ya onyo. Nilipofungua kifuniko, betri moja kati ya nne ilikuwa ya moto kiasi cha kushindwa kuishika, na kwenye kichwa chake cha chanya palikuwa na unyevu unaoteleza. Nyumbani nikazipima kwa mita: tatu zilisoma 1.62, 1.63 na 1.61. Ya nne ilisoma 0.31.

Niliposimulia hapa, mmoja wenu akaniandikia, "Dada, mimi seti yangu imekufa hivyo hivyo, betri moja tu, na muuzaji anasema nimechaji vibaya." Wengine wawili wakafuata na malalamiko yaleyale. Ndiyo maana nimekaa kuandika mwongozo huu. Sitazungumzia bei kwa urefu, wala uzito, wala muda wa kuchaji, maana hayo yako kwenye kila boksi. Nataka tuzungumzie hiyo betri moja iliyokufa wakati wenzake watatu wako hai, kwa sababu kuna hesabu ndogo nyuma yake ambayo dukani hakuna anayekueleza.

Tuanze na volti. Betri ya NiMH, yaani nikeli-metali haidraidi, ni ya volti 1.2. Ya nikeli-zinki, iliyoandikwa NiZn, ni ya volti 1.6, na ikitoka tu kwenye chaja husoma hadi 1.8 na kitu. Flashi zetu za juu ya kamera huingia betri nne zilizopangwa mfululizo, kwa hiyo volti zinajumlishwa: NiMH nne ni 4.8, NiZn nne ni 6.4. Kila unapopiga picha kwa nguvu kamili, flashi inavuta ampea kadhaa kwa mkupuo ili kujaza tena kapasita yake, na volti zikiwa juu kapasita inajaa haraka. Kwenye flashi yangu, NiMH zilihitaji kama sekunde nne kabla taa ya kuwa tayari haijawaka tena. NiZn zilihitaji kama mbili na nusu. Ukiwa unafuata maharusi wanaocheza, sekunde moja na nusu ni picha unayoipata au unayoikosa. Hilo nawapa NiZn bila kinyongo.

Sasa hesabu yenyewe. Betri nne hazifanani kamwe, hata zikitoka boksi moja. Tuseme tatu zinabeba mAh 1500 na moja imechoka, inabeba 1100. Kwa kuwa zimepangwa mfululizo, mkondo uleule unapita zote, na ile iliyochoka itaisha kwanza. Kwenye seti ya NiMH, moja ikiisha zinabaki tatu za 1.2, jumla 3.6. Flashi inahisi mara moja: inaanza kujaa polepole, sekunde nne zinakuwa saba, kumi, nawe unajua ni saa ya kubadilisha. Kwenye seti ya NiZn, moja ikiisha zinabaki tatu za 1.6. Zidisha: 4.8. Ni volti zilezile za seti nzima ya NiMH iliyo sawa! Flashi haioni tatizo lolote. Inaendelea kufanya kazi kwa raha, huku zile tatu zikisukuma mkondo kwa nguvu kupitia betri ambayo haina kitu ndani.

Betri iliyo tupu ikisukumwa hivyo hugeuka: chanya inakuwa hasi na hasi inakuwa chanya. Ndani yake gesi inazalishwa, joto linapanda, na vali ya usalama iliyo kwenye kichwa cha chanya inafunguka na kutema gesi pamoja na maji ya potashi. Huo ndio unyevu niliouona, na ukikauka unaacha unga mweupe. Usiuguse kwa mikono mitupu. Unaunguza ngozi na unakula shaba ya kwenye flashi. NiMH nayo inaumia ikigeuzwa, tusidanganyane. Lakini aloi ya hasi yake ndiyo inayohifadhi haidrojeni kwa kazi yake ya kila siku, kwa hiyo mgeuko ukiwa mdogo inaweza kunyonya sehemu ya gesi ile. Zinki haina uwezo huo. Ikigeuzwa mara moja au mbili kwa mkondo wa flashi, hairudi tena.

Sasa kwa nini betri moja inachoka kabla ya wenzake? Hapa tunaingia kwenye maisha ya mizunguko, yaani mara ngapi betri inaweza kuchajiwa na kutumika kabla haijafa. Kila unapotumia betri ya NiZn, zinki inayeyuka kwenye potashi, na unapochaji inarudi kuganda. Shida ni kwamba hairudi palepale ilipotoka. Inajikusanya upande mmoja na kupungua upande mwingine, na mara nyingine inaota vijiti vyembamba kama miiba, vinavyokua hadi kutoboa kitambaa kinachotenganisha chanya na hasi. Mwiba ukipenya, betri inaanza kujimaliza yenyewe ikiwa imekaa tu kwenye mkoba. Hili si tatizo la jana. Thomas Edison alipata hataza ya betri ya nikeli-zinki mwaka 1901, na Ireland waliendesha treni za betri za aina hiyo kuanzia 1932 hadi 1949. Zaidi ya karne nzima mafundi wamekuwa wakipambana na zinki isiyokaa mahali pake. Maboksi yanaahidi mamia ya mizunguko. Katika betri zangu nane, ya kwanza ilikufa kabla ya mzunguko wa arobaini, na sikuwa nikizichaji ovyo, kwa sababu nilikuwa naandika kila chaji kwenye daftari.

Kwa hiyo orodha yangu ni hii, na sifichi ninakoegemea.

Namba moja ni Eneloop nyeupe, ya AA. Ni NiMH, mAh 2000, na Panasonic wanaitangazia mizunguko 2100. Hata ukipata nusu ya hiyo, ni miaka mingi ya harusi. Sanyo waliitoa mwaka 2005 kama NiMH inayovuja chaji kidogo tu ikikaa, na kweli, nimewahi kutoa seti kwenye droo baada ya miezi sita nikaenda nayo kazini bila kuichaji. Ninachokipenda zaidi ni jinsi zinavyozeeka pamoja. Ninayo seti ya mwaka wa tano. Nikizipima baada ya kazi, tofauti kati ya bora na mbaya haifiki hata nusu ya sehemu moja ya kumi ya volti. Kwa kifaa kinachopanga betri nne mfululizo, hilo linanipa utulivu kuliko kasi yoyote.

Namba mbili ni Eneloop Pro, ile nyeusi, mAh 2500. Inakwenda mbali zaidi kwa chaji moja, lakini mizunguko inayoahidiwa ni 500 tu. Inunue kwa ajili ya flashi inayofanya kazi usiku kucha, si rimoti ya sebuleni.

Namba tatu ni NiZn, na ninaiweka hapa kwa masharti. Kamera ndogo za zamani za betri mbili, zile ambazo ukiweka NiMH zinazima mapema zikidhani betri imeisha, zinafufuka kabisa kwa NiZn. Lakini angalia kwanza kitabu cha kifaa kinakubali volti ngapi, maana NiZn nne zikitoka kwenye chaja ni zaidi ya volti 7, wakati alkalini nne mpya ni kama 6.4. Tochi ya balbu ya waya inaweza kuungua. Kwenye flashi, usifuate kasi yake hadi kichwa kikaungua. Vitabu vya flashi nyingi vinaweka kikomo cha mipigo mfululizo ya nguvu kamili. Na usichanganye chaja kamwe. Chaja ya NiZn inapandisha betri hadi volti 1.9 ndipo inapunguza mkondo. Ukiweka NiMH humo, haitafika huko kamwe, kwa hiyo itaendelea kuchajiwa na kuchemka.

Kama tayari unazo NiZn, hesabu picha na ubadilishe seti mapema, usisubiri flashi ikuonye. Zipe namba kwa kalamu, 1 hadi 4, zisitengane. Baada ya kuchaji ziache siku tatu, kisha pima kila moja. Ile iliyoshuka chini ya wenzake kwa sehemu moja ya kumi ya volti, itoe kwenye flashi siku hiyohiyo. Inaweza kuishi kwenye kifaa cha betri moja, ambako hakuna wenzake wa kuisukuma.

Betri za bei ya chini zilizoandikwa mAh 3000 na kuendelea, ziacheni. AA ya NiMH haifiki huko.

Na hapa nina neno na wauzaji. Betri zangu za NiZn zilikuwa na maandishi makubwa, "2500", na chini yake kwa herufi ndogo sana, mWh. Nilipouliza, kijana wa dukani akanijibu, "Dada, hiyo ni elfu mbili mia tano, ina nguvu kuliko Eneloop yako ya elfu mbili." Si kweli. mWh ni mAh zidisha volti. Gawanya 2500 kwa 1.6, unapata kama mAh 1560. Eneloop nyeupe, 2000 mara 1.2, ni mWh 2400. Kwa hiyo mzigo wa umeme unakaribiana kabisa, na mimi nililipa karibu mara mbili, ukijumlisha na chaja ambayo haitumiki kwa betri nyingine yoyote niliyo nayo. Kijana yule huenda hakujua tofauti. Lakini aliyechora lebo ile alijua.

Kinachoniuma zaidi ni maduka yanayofungua pakiti na kuuza betri mojamoja. Unachukua nne, mbili za mzigo huu, mbili za mzigo wa zamani, na ushazaa tatizo lile lile la betri moja dhaifu kabla hujatoka dukani. Eneloop halisi zina namba za mwaka na mwezi zilizogongwa mwilini. Zigeuze kwenye mwanga mpaka uzione. Zikitofautiana, mrudishie uombe pakiti iliyofungwa, hata kama foleni nyuma yako inaguna.