Sony a6400 kwenye skrini za ukumbini: uzoefu wangu wa picha safi ya HDMI

Ninapiga video za harusi, ibada na makongamano hapa Dodoma, na siku hizi wateja wengi wanataka picha ya kamera ionekane papo hapo kwenye skrini kubwa za kando ya jukwaa, na wakati huohuo irushwe mubashara kwa ndugu walio mbali. Kwa kazi ya namna hiyo, kitu cha kwanza ninachokiangalia kwenye kamera ni kimoja ambacho muuzaji wa dukani hukitaja mara chache sana: je, picha inayotoka kwenye tundu la HDMI ni picha tupu, au inatoka pamoja na alama ya betri, visanduku vya fokasi na saa ya kurekodi? Nimeitumia Sony a6400 kwa kazi hizo kwa muda wa kutosha, na hapa nazungumzia jambo hilo tu. Kuhusu rangi na lenzi wameshaandika wengi.

Ndani ya kamera kuna picha inayotoka kwenye kihisi, kisha kuna alama zinazochorwa juu yake ili mpigaji ajue betri imebaki kiasi gani na fokasi imeshika wapi. Kadi ya kumbukumbu hupokea picha peke yake, ndiyo maana video uliyorekodi haina kisanduku hata kama wewe ulikiona muda wote. HDMI ni habari nyingine. Kwenye kamera nyingi za bei ya chini za miaka ya nyuma, tundu hilo hutoa nakala ya kile kinachoonekana kwenye skrini ya nyuma, pamoja na alama zake zote. Mara nyingi tatizo liko kwenye programu ya kamera, wala si kwenye waya wala tundu. Canon 5D Mark III ni ushahidi mzuri: iliingia sokoni mwaka 2012 bila uwezo wa kutoa picha safi, kisha Aprili 2013 sasisho la programu namba 1.2.1 likauleta uwezo huo kwenye kamera zilezile zilizokwisha kuuzwa.

Kabla ya kupata a6400 nilifanya harusi moja maeneo ya Kisasa kwa kamera ya zamani ya fundi mwenzangu. Mstatili mweupe ulikaa katikati ya picha, na kila nilipomkaribia bibi harusi ulimkata uso sawasawa puani, kwenye skrini ya upana wa mita kadhaa. Mshereheshaji akaja hadi nilipo na kuniuliza kwa sauti ya chini: "Fundi, hicho kidirisha hakitoki?" Hakikutoka. Nilihamia fokasi ya mkono, nikabonyeza kitufe cha INFO hadi alama za pembeni zikapungua, lakini mstatili ulibaki pale pale kwa sababu kamera hiyo haikuwa na mpangilio wowote wa kuuondoa.

Kwenye a6400 mpangilio upo, na unapatikana hivi:

```
MENU > Setup > HDMI Settings
HDMI Info. Display: Off
HDMI Resolution: 1080p
```

Jina la `HDMI Info. Display` linajieleza, ila tabia yake inafaa kueleweka vizuri. Ukiiacha kwenye `On`, picha pamoja na alama zake zote huhamia kwenye televisheni, na skrini ya kamera yenyewe haionyeshi kitu. Ukiiweka `Off`, televisheni hupata picha tupu, na alama hubaki kwenye skrini ya kamera kwa ajili yako. Kwa hiyo ukichomeka kebo na skrini ya nyuma ikazimika, kamera haijaharibika. Hiyo ni dalili kwamba mpangilio bado uko `On`. Mimi huitumia dalili hiyo kama kipimo cha haraka, maana skrini kubwa huwa iko mbali nami na projekta huchelewa kuwaka.

Resolusheni naiweka `1080p` badala ya `Auto` kwa sababu vifaa vya ukumbini hutofautiana, na kamera ikikubaliana na kifaa kutumia 1080i utaona kingo za mtu anayecheza zikichanika kama meno ya kitana. Vilevile gurudumu la juu liwe kwenye alama ya filamu. Likibaki kwenye hali ya picha mnato, ambayo kwa kawaida ni ya uwiano wa 3:2, utapata mistari mieusi kushoto na kulia, na wengine huidhania kuwa kasoro ya kapcha kadi, kile kifaa kinachoingiza picha ya HDMI kwenye kompyuta.

Kuona skrini safi kwa dakika moja hakutoshi, kwa sababu baadhi ya alama hujitokeza tu pale kitu fulani kinapotokea. Kabla ya wageni kuingia naunganisha kamera na kompyuta mpakato, nafungua OBS, programu ya kurushia matangazo mubashara, kisha nabonyeza shata nusu ili kuamsha fokasi, namwomba mtu apite mbele ili utambuzi wa uso ufanye kazi, na mwisho naanza kurekodi kwenye kadi. Hatua ya kurekodi ndiyo inayoziumbua kamera nyingi: picha ilikuwa safi, mara nukta nyekundu na saa vinatokea juu. Kwenye a6400 hakuna kilichotokea katika hatua zote hizo, na fokasi iliendelea kufuata uso huku kisanduku chake nikikiona mimi peke yangu.

Kwa mwenye kamera isiyo na mpangilio huu, kukata kingo ndani ya OBS kunasaidia kwa kiasi. Kwenye ile kamera ya mwenzangu alama ya betri ilikaa karibu na ukingo, kwa hiyo niliweka kichujio cha `Crop/Pad` nikakata pikseli 160 kila upande na 90 juu na chini. Picha ya 1920 kwa 1080 ikabaki 1600 kwa 900, uwiano wa 16:9 ukadumu, na betri ikapotea. Gharama yake ni kwamba zaidi kidogo ya asilimia 30 ya eneo la picha inatupwa, na mandhari inakuwa finyu kana kwamba umesogea mbele, jambo linaloudhi ukumbi ukiwa mdogo. Mstatili wa katikati, bila shaka, haukatiki kwa njia hiyo.

Malalamiko yangu kwa a6400 ni machache. Tundu lake ni HDMI ndogo kabisa, ile ya aina D, nalo halipendi kuvutwa. Naifunga kebo kwenye mguu wa kamera ili mtu akijikwaa waya uvute chuma na si tundu. Betri ya NP-FW50 ni ndogo kwa sherehe ya usiku kucha, hivyo nawasha `USB Power Supply` na kuilisha kwa pawabenki. Haina tundu la hedifoni, kwa hiyo sauti naisikiliza kwenye mikisa.

Kamera ya mwenzangu bado tunaitumia, lakini haichomekwi tena kwenye skrini. Inakaa nyuma ya ukumbi ikirekodi kwenye kadi picha pana ya kuhariri baadaye, ambako mstatili wake hauandikwi.