Miezi 11 na sensa za mtetemo kwenye karakana ya mbao Mafinga: moja imebaki, mbili nimezirudisha

Nina karakana ya kupasua na kupiga randa mbao hapa Mafinga. Magogo ni ya paini, wafanyakazi 9, na mashine tatu zinazobeba kazi yote: msumeno wa mkanda wenye mota ya kilowati 22, mashine ya randa, na feni kubwa ya kunyonya vumbi na maranda. Mwezi wa nane mwaka jana nilikubali kufungiwa sensa tatu za mtetemo, yaani vifaa vidogo vinavyobandikwa kwenye mashine kupima inavyotikisika, moja kwa kila mashine. Kampuni siitaji, maana sikuja hapa kugombana na mtu. Nataka tu kueleza nilivyofika kwenye uamuzi, kwa sababu wenzangu wawili wa hapa mjini wameshatembelewa na kijana yuleyule wa mauzo.

(Sensa hii siyo ile ya kuhesabu watu. Mama anayetupikia alimwona kijana na tableti yake akauliza kama tunahesabiwa tena.)

Bei niliyopewa ni shilingi 380,000 kwa kila sensa, halafu 45,000 kwa mwezi kwa kila moja, ambayo ndani yake kuna laini ya intaneti, programu ya kwenye simu, na mtu wao anayeangalia michoro. Kwa miaka miwili, sensa moja inakula 1,460,000. Tatu ni 4,380,000.

Kijana alikuwa na hesabu yake tayari. "Mama, msumeno ukisimama siku moja unapoteza milioni mbili na laki nne." Hiyo ilikuwa thamani ya mbao ninazotoa kwa siku. Nilikubali palepale, na hilo ndilo kosa langu la kwanza. Gogo ambalo sikulipasua leo halijaenda popote. Liko uwanjani, nitalipasua kesho au Jumapili. Kinachopotea kweli ni posho ya watu waliokaa bila kazi, malipo ya ziada ya kufidia siku ile, na lori la mteja lililokuja likalazimika kulala. Nilipokaa na karani tukahesabu hivyo, siku moja ya msumeno kusimama ilitoka kama 350,000. Ni pesa, lakini siyo milioni mbili.

Kosa la pili ni kwamba sikufungua daftari la matengenezo kabla ya kusaini. Nililifungua baadaye. Katika miezi 24 iliyotangulia tulisimama mara 14. Mara 6 ni mkanda wa msumeno kukatika au kupasuka kwenye jino, mara 3 ni umeme, mara 2 ni mikanda ya puli, na mara 3 tu ni beringi. Sensa ya mtetemo iliyobandikwa kwenye mota haiwezi kukuambia kwamba kuna msumari ndani ya gogo. Kwa hiyo katika zile 14, zilizokuwa ndani ya uwezo wake ni 3, na mbili kati ya hizo zilikuwa za mota ya msumeno.

Sasa nieleze jinsi zilivyofanya kazi.

Mwezi wa kwanza ulikuwa kero tupu. Simu ilikuwa inalia hata usiku. Viwango vya onyo walikuwa wamevitoa kwenye jedwali la kiwango cha kimataifa cha mtetemo, ISO 10816, ambalo kwa mota za ukubwa wangu linasema ukivuka milimita 2.8 kwa sekunde anza kuwa na wasiwasi, ukivuka 7.1 zima mashine. Feni yangu imesimama kwenye fremu nyepesi ya chuma, haijakaa kwenye zege. Ikiwa nzima kabisa inasoma 3.1. Hiyo ndiyo afya yake. Ilibidi fundi wao aje aache jedwali, apime kila mashine ikiwa nzima kwa wiki mbili, kisha aweke onyo pale inapopanda juu ya kawaida yake yenyewe. Randa nayo ilisumbua kwa namna nyingine: sensa inasoma mara moja kwa saa, na randa inawashwa na kuzimwa siku nzima. Mara inasoma mashine imelala, mara inasoma ubao ukiwa katikati ya visu. Ukiunganisha vipimo hivyo unapata mchoro kama milima ya Udzungwa, na hauna maana yoyote. Kipimo cha kulinganisha ni kile kilichochukuliwa mashine ikiwa katika hali ileile, na kwa randa hatukuwahi kukipata.

Jambo jingine dogo lililotupotezea wiki tatu: sensa ya msumeno ilibandikwa kwa sumaku juu ya kifuniko cha feni ya mota, yaani bati. Bati linapiga kelele zake lenyewe. Ilihamishiwa kwenye nyumba ya beringi, rangi ikakwanguliwa mpaka chuma kikaonekana, ndipo vipimo vikatulia. Ukifungiwa, kasimame uangalie wanabandika wapi.

Mwezi wa kumi feni ilianza kupanda. Kutoka 3.1 ilifika 6.8 ndani ya wiki tatu, na mtu wao akasema nguvu yote iko kwenye pigo moja kwa kila mzunguko, dalili kwamba kitu kinachozunguka kimeelemea upande mmoja. Tulifungua. Utomvu wa paini ulikuwa umeshika vumbi kwenye mapanga, unene wa kidole kwenye mapanga mawili na mengine karibu masafi. Kijana mmoja alikwangua kwa patasi asubuhi moja, tukarudi 2.9. Sensa ilisema kweli, sikatai. Lakini tangu hapo feni inafunguliwa na kukwanguliwa kila Jumamosi ya pili, na haijawahi kuvuka 4. Sihitaji kulipa 45,000 kwa mwezi ili nikumbushwe kufanya usafi.

Mwezi wa kumi na moja mota ya randa iliungua. Fezi moja, yaani moja kati ya njia tatu za umeme zinazoingia kwenye mota, ilipotea, mota ikaendelea kujikokota kwa mbili zilizobaki, na ndani ya dakika chache nyaya zikanuka. Sensa haikusema kitu, na isingeweza. Hitilafu ya namna hiyo haitoi taarifa wiki moja kabla. Inakuja na kumaliza kazi kati ya kipimo kimoja na kingine. Dawa yake ni relei ya kulinda fezi, niliyoinunua baadaye kwa 85,000 na inazima mota yenyewe. Fundi umeme wangu alikuwa ameniomba hicho kifaa tangu mwaka juzi. Nilikuwa nasema pesa hakuna, kisha nikatoa milioni na ushee kununua sensa. Hili bado linaniuma.

Na sasa msumeno, ambao ndio sababu sijazirudisha zote.

Januari mtu wao alinipigia akasema beringi ya mota upande wa puli imeanza kuharibika. Nikamuuliza fundi wangu mkuu, akaweka bisibisi kwenye beringi na sikio kwenye mpini. "Mama, mimi sisikii kitu. Hii ni nzima." Hata kipimo cha kawaida cha mtetemo kilikuwa kimetoka 2.2 kwenda 2.5 tu, tofauti ambayo hakuna mtu angeijali. Kilichobadilika ni mchoro wa pili, unaochuja mitikisiko mikubwa na kubakiza migongano midogo ya haraka. Humo kulikuwa na mstari uliosimama kwenye mapigo 75 kwa sekunde, na mwingine mdogo kwenye 150.

Nilitaka kujua 75 imetoka wapi, akanieleza vizuri. Mota inazunguka mara 1,470 kwa dakika, sawa na 24.5 kwa sekunde. Beringi ni 6310, ina gololi 8. Gololi hazizunguki kwa mwendo wa shafti. Zinajiviringisha kati ya ringi mbili, hivyo zinazunguka polepole zaidi, chini ya nusu. Ukipiga hesabu kwa vipimo vya beringi hiyo, kila shafti inapozunguka mara moja, gololi kama 3.05 zinapita juu ya sehemu moja ya ringi ya nje. Mara 24.5, unapata 74.7. Maana yake kuna kishimo kimoja kwenye ringi ya nje na kila gololi inayopita inakigonga.

Tulingoja wiki mbili na nusu huku mstari ukikua, beringi mpya ikaja na basi kutoka Dar es Salaam, tukabadilisha Jumapili kwa saa nne. Ile ya zamani tuliikata kwa grainda. Kwenye ringi ya nje kulikuwa na doa lililobanduka, ukubwa wa punje ya mchele. Fundi mkuu aliigeuzageuza mkononi, akasema tu, "Haya."

Hapo nikarudia hesabu, safari hii ya msumeno peke yake. Katika ile miaka miwili ya daftari, beringi ya kwanza ilitusimamisha siku 4, yaani 1,400,000, lakini karibu siku zote hizo tulikuwa tunangoja spea. Beringi moja ikikaa kabatini, siku 4 zinakuwa nusu siku, kama 175,000. Kwa hiyo faida hiyo ni ya kabati, na kijana wa mauzo alikuwa ameiandika upande wa sensa. Beringi ya pili ilikuwa tofauti: ilikwama, rota ikasugua, mota ikaungua. Kuisuka upya 850,000 na siku 3 za kusimama, jumla 1,900,000. Hiyo kabati lisingeizuia. Sensa ikizikamata zote mbili inaokoa 2,075,000 kwa miaka miwili, nami nailipa 1,460,000. Inabaki 615,000. Ikikosa ile moja kubwa, nimekula hasara.

Ni faida nyembamba, na nimebaki nayo kwa msumeno tu. Kipima mtetemo cha mkono ninacho, nakitumia kwa feni kila Jumamosi, ila hicho kinatoa ile namba ya kawaida ambayo Januari ilisogea kutoka 2.2 kwenda 2.5. Kwa beringi ya msumeno kingenishtua siku za mwisho. Wenye dingdong za dizeli, zile mashine za kupasulia mbao zinazohamishwa, wasijisumbue kabisa. Kwao kinachovunjika siyo kitu kinachotoa taarifa ya wiki tatu.

Kwa huduma yenyewe nawapa nyota tatu kati ya tano. Mtu wao wa michoro ni mzuri sana na anapokea simu. Nyota mbili nimezipunguza kwa sababu ya mwezi ule wa kwanza, na kwa sababu niliporudisha sensa za feni na randa, vipimo vyake vyote vilifutika kwenye programu siku ileile. Nilitaka mchoro wa feni wa ile wiki ya utomvu nimwonyeshe fundi mpya, nikaambiwa mkataba wa sensa hiyo umekwisha.