Picha 5,000 za engo moja hazikunisaidia: uzoefu wangu wa kutreni modeli ya sura kwa DeepFaceLab

Wakuu, juzi nimemaliza kutreni modeli ya sura ya mdogo wangu kwa DeepFaceLab, ile programu ya kubandika sura ya mtu juu ya sura ya mwigizaji kwenye video, yeye mwenyewe karidhia tuitumie kwenye filamu fupi tunayotengeneza, na kilichonila muda kuliko vyote ni hizi picha za kufundishia. Mwanzoni nilikuwa nauliza picha ngapi tu, kumbe swali lenyewe ni engo.

Mara ya kwanza nilichukua video moja akiongea na kamera, nikatoa fremu zote nikapata sura kama 5,000, nikajua hapo nimeshamaliza. Siku nne mashine inapiga kazi. Akiangalia mbele ilitoka safi kabisa hadi nyusi zinahesabika, ila kuna sini mwigizaji anageuka kumtazama mtu mlangoni, aisee shavu linayeyuka na jicho la upande wa mbali linabaki linaangalia kamera! Sekunde moja ya video ina fremu 25 au 30 na karibu zote ni picha ile ile, kwa hiyo wingi wangu ulikuwa wa marudio.

Ndo nikarudi kwenye folda ya data_src, zinakokaa picha za mdogo wangu, nikazipanga kwa `face yaw direction`, halafu nikawa nazishusha taratibu. Ukizipanga hivyo uso unatakiwa ugeuke kidogo kidogo toka upande mmoja hadi mwingine, kama mtu anageuza shingo kweli. Wangu uligeuka kidogo tu kila upande zikaisha, picha ya ubavu hata moja hakuna.

Tukarekodi upya dakika 12. Akageuza kichwa polepole toka bega hadi bega, kidevu kikiwa sawa, kisha kimeinuka kidogo, kisha kimeshuka, na kila mzunguko akarudia akiongea, akicheka, amefumba macho, anatupa macho pembeni, halafu tukahamisha taa upande wa pili. Safari hii nikatoa fremu 5 tu kwa sekunde, zikawa 3,600, nikafuta zenye ukungu na zile ambazo softwea imekosea kushika uso (za ubavu zikague moja moja, hapo ndo inakosea sana), zikabaki kama 2,300. Chini ya nusu ya zile za kwanza, na mlangoni pale jicho limekaa mahali pake.

Kuna na ile seting ya `Uniform yaw distribution of samples`, niliiwasha kwa sababu picha za ubavu zilikuwa chache kuliko za mbele, inasaidia zisimezwe, ila kama engo hukurekodi haitaitengeneza. Mfano mimi sikumrekodi akiwa ameinua uso juu kabisa huku kageuka ubavu, na sini anayoangalia dari bado kidevu kinacheza, kwa hiyo Jumamosi namkalisha tena kwa hiyo moja tu.