Nyota nyota kwenye meseji: uzoefu wangu na huduma ya kutuma matangazo

"Shikamoo zako nimezipokea, mwanangu, lakini hizi nyota nyota ni za nini? Au simu yangu imeharibika?"

Hiyo ndiyo meseji iliyonifanya niiangalie upya huduma niliyokuwa nikiisifia miezi kadhaa. Mimi ni katibu wa kikundi, na kazi yangu kubwa ni kutuma matangazo. Nilijiunga na huduma ya kutuma meseji kwa wingi: unaandika mara moja, unachagua orodha ya namba, unabonyeza, kila mtu anapata. Ukurasa wa kuandikia umegawanyika mara mbili. Kushoto unaandika, kulia unaona tangazo likiwa limependeza, kichwa kikubwa, herufi nzito, orodha yenye vidoti. Nilikuwa naangalia kulia tu. Mama huyu, mwenye simu ya vitufe, alikuwa anapokea cha kushoto. Hiki hapa:

```
## Kikao cha Jumamosi

**Saa:** 4:00 asubuhi
**Mahali:** ukumbi uleule
- Njoo na `daftari`
- [Ajenda](https://example.org/ajenda)
```

Simu yake haikuwa na kosa lolote. Alama hizo ni za Markdown, mtindo wa kuandika uliotolewa na John Gruber mwaka 2004. Nyota mbili kila upande maana yake "kolezea neno hili", reli mwanzoni mwa mstari maana yake "hiki ni kichwa". Ni maagizo kwa programu inayoyaelewa. Programu hiyo ikiwepo, huyatekeleza na kuyaficha. Isipokuwepo, maagizo husomwa kama maandishi mengine yoyote, na meseji ya kawaida ya simu haina mahali pa kuweka herufi nzito hata ikitaka. Kwa hiyo malalamiko yale yalinieleza jambo moja la wazi: mimi na wasomaji wangu hatukuwa tunaangalia kitu kimoja. Na kama mmoja amelalamika, wengine wamenyamaza tu wakidhani nimepata mtindo mpya.

Hapo nikakosea mara ya pili. Nilimjibu kupitia huduma ileile, nikamweleza kwa urefu, tena kwa mpangilio: "Pole sana mama. Alama hizo ni…" Akanijibu kwa neno moja: "Tena." Niliona aibu. Mtu akikuambia haoni vizuri unachoandika, jibu lako la kwanza ndilo linalopaswa kuwa safi. Hahitaji somo la Markdown. Anahitaji kujua kikao ni saa ngapi.

Nikageukia kusafisha. Wengi, nami nikiwemo, tunajua kubandika kwa Ctrl+Shift+V ili maandishi yaje bila rangi wala ukubwa wa herufi. Nilinakili kutoka kushoto, nikabandika hivyo, nyota zikabaki palepale. Njia hiyo huondoa mapambo yaliyofichwa nyuma ya maandishi, na nyota zangu hazikuwa zimefichwa. Ni herufi kama a na b. Dawa ni kunakili kutoka kulia, pale ambapo programu imekwisha kuzila alama, kisha ndipo ubandike kwa Ctrl+Shift+V. Sekunde kumi, umemaliza. Kasoro yake ni kwamba kiungo hubaki neno "Ajenda" tupu, anwani imepotea, kwa hiyo anwani uiandike mwenyewe, wazi.

Usifanye nilivyofanya siku iliyofuata, nilipoamuru programu itafute kila nyota na kila reli na kuzifuta. Tangazo la siku hiyo lilikuwa na namba ya kupiga ya mfano wa `*123*4#`. Ikaenda kwa watu ikiwa `1234`. Na kuna kichekesho cha upande wa pili: ukiiandika namba hiyo kwenye uwanja wa Markdown bila kinga, kulia utaona 123 imelala mlalo na nyota zote mbili zimetoweka, kwa sababu programu imedhani unataka herufi za mlalo. Namba za namna hiyo huwa nazisoma kwa jicho, tarakimu kwa tarakimu, kabla ya kutuma.

Jambo ambalo sikulitegemea lilikuwa kwenye hesabu. Meseji moja hubeba herufi 160, mradi zote ziwe ndani ya seti ya kawaida ya simu, GSM-7. Ikiingia herufi moja tu iliyo nje ya seti hiyo, meseji nzima huhamia mfumo wa UCS-2 na nafasi hushuka hadi 70. Ikigawanywa, kila kipande hubeba 67. Nyota na reli zimo kwenye seti. Kile kistari kidogo kilichoinamia nyuma, nilichokizungushia neno daftari, hakimo. Tangazo langu la herufi 129 lililopaswa kuwa meseji moja lilihesabiwa mbili, kwa kila mtu kwenye orodha, kwa sababu ya kistari ambacho hakuna aliyekihitaji.

Kwetu waandishi wa Kiswahili mtego huo una mlango mwingine: ritifaa. Ng'ombe, ng'ambo na ung'amuzi zikiandikwa kwa ritifaa iliyonyooka, hakuna tatizo. Lakini simu na programu nyingi huigeuza iwe ya kupinda, ’, na hiyo haimo kwenye GSM-7. Ng’ombe mmoja anaigawa meseji yako. Kwenye iPhone nimezima `Smart Punctuation` katika mipangilio ya kibodi, na kwenye kompyuta naiangalia kabla ya kutuma. Dalili ni rahisi: kihesabio cha herufi kikiruka ghafla kutoka 160 kwenda 70, tafuta herufi ngeni uliyoingiza muda huo huo.

Sasa huduma yenyewe. Kwenye mipangilio ina swichi iitwayo `Plain text`, imejificha chini kabisa, na imezimwa tangu mwanzo. Ukiiwasha, sehemu ya kulia nayo huonyesha maandishi vilevile yatakavyofika. Haisafishi chochote, na nadhani ni vizuri isifanye hivyo, maana ingenilia na namba za kupiga. Ila kuiacha imezimwa kwenye huduma inayotuma meseji za simu ni uzembe. Wanamwonyesha mwandishi pambo ambalo hakuna mpokeaji hata mmoja atakayeliona. Nyota tatu kati ya tano, na hizo wanaruhusiwa kuzionyesha. Kasi yao ni nzuri, na ripoti ya nani amepokea ni ya kuaminika.

Angalizo dogo kwa mnaotuma pia WhatsApp: kule herufi nzito huandikwa kwa nyota moja kila upande, si mbili, kwa hiyo tangazo moja halifai kote. Mimi siku hizi naandika tupu kwa wote. Kichwa nakipa mstari wake kwa herufi kubwa, orodha naigeuza sentensi:

```
KIKAO CHA JUMAMOSI
Saa 4:00 asubuhi, ukumbi uleule.
Njoo na daftari.
Ajenda: https://example.org/ajenda
```

Herufi 103, meseji moja. Niliituma upya siku ileile, ya kwanza kabisa ikaenda kwa mama yule. Jibu likaja kabla sijafunga kompyuta: "Hapo sawa. Daftari la kurasa ngapi?"