Herufi Kubwa na Mwanga wa Kutosha: Uzoefu Wangu na Simu Niliyokuwa Nikisomewa

Nilifundisha watoto wa darasa la kwanza kusoma na kuandika kwa miaka 31, na baada ya kustaafu nikafika mahali pa kusomewa ujumbe wa simu na mtoto wa jirani. Kusoma sikukusahau. Tatizo lilikuwa macho, na zaidi ya macho lilikuwa namna simu yangu ilivyopangwa tangu ilipotoka dukani, jambo ambalo sikulijua mpaka Desemba iliyopita. Nina umri wa miaka 72, naishi Pangani, na simu ninayoieleza hapa ni ya Android ya bei ya kawaida ambayo mwanangu alininunulia ile ya vitufe ilipokufa.

Kabla ya kueleza nilichofanya, ni vyema nieleze kusomewa kunavyokuwa. Ujumbe ukiingia, nilikuwa namwita kijana huyo wa miaka 12, naye alikuja mbio kwa adabu, akapokea simu kwa mikono miwili na kusoma kwa sauti kama nilivyowafundisha wenziwe darasani. Pesa zikiingia, baraza nzima ilijua kiasi nilichopokea na salio nililobakiwa nalo. Siku moja binti yangu aliyeolewa Dodoma aliniandikia kwamba mimba yake imeharibika, na kijana akasoma maneno hayo mbele ya kina mama wawili waliokuja kununua maandazi. Yeye hakuwa na kosa lolote, alisoma alichopewa. Lakini binti yangu alipopata habari aliacha kuniandikia. Alikuwa akipiga simu tu, na kwenye simu mumewe na wakwe wakiwa karibu, ya moyoni hayasemeki.

Mjukuu wangu alipokuja likizo alinitazama jioni moja nikiisogeza simu mbali kisha karibu, kisha akaniuliza, "Bibi, kalenda ile ukutani unaisoma kutoka hapo ulipokaa. Simu iliyo mkononi inakushindaje?" Sikuwa na jibu. Kalenda ile ina tarakimu nene nyeusi juu ya karatasi nyeupe, na mchana jua la dirishani linaiangukia. Simu yangu ilikuwa na herufi ndogo nyembamba, na mwanga wake ulikuwa hafifu kuliko kibatari. Mjukuu alitaka kuichukua anitengenezee, nami nikakataa. Nilimwambia, "Wewe nionyeshe kwa kidole, mimi ndiye nibonyeze," kwa sababu anayetengenezewa simu hubaki vilevile siku inapojibadilisha na mtengenezaji yuko shuleni. Nikachukua daftari la mistari na kuandika kila hatua.

Simu yangu iko kwa Kiingereza, kwa hiyo nilifungua Settings, nikaingia Display, kisha nikagusa Display size and text. Simu nyingine hupaita mahali hapa kwa majina tofauti kidogo, lakini huwa hapohapo kwenye mambo ya kioo. Ndani yake kuna mistari miwili ya kuteleza, na tofauti yake ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuielewa. Wa kwanza, Font size, hukuza maandishi peke yake. Wa pili, Display size, hukuza kila kitu kilicho kwenye kioo, yaani picha za programu, vitufe, nafasi zilizo kati yake, na maandishi pia. Juu ya mistari hiyo kuna mfano wa maandishi unaobadilika kadiri unavyosogeza, kwa hiyo huhitaji kubahatisha.

Kwa tamaa ya macho nilivuta mistari yote miwili mpaka mwisho, na hapo nikajifunza jambo ambalo halikuwamo katika maelezo ya mjukuu wangu. Maneno yetu ya Kiswahili ni marefu. Neno kama "nitakapokutumia" lina herufi 15, na herufi zilipokuwa kubwa kupita kiasi, neno hilo lilikatika katikati, nusu ikabaki juu na nusu ikashuka mstari wa chini. Nilijikuta nikisoma vipande kama mtoto anayeunganisha silabi, nikifika mwisho wa sentensi nimesahau mwanzo wake. Basi nikairudisha Display size katikati ilipokuwa, na Font size nikaipunguza hatua moja kutoka mwisho. Kila mstari ukabeba maneno matatu au manne mazima, nami nikasoma kwa mwendo wangu. Kwa anayesoma Kiswahili, ninaamini hiki ndicho kipimo sahihi: kuza herufi mpaka maneno marefu yaanze kukatika, kisha rudi nyuma hatua moja.

Mfano ulioko kwenye simu haukunitosha, kwa sababu huonyesha maneno na mimi nilikuwa nakosea tarakimu. Tulifungua ujumbe wa zamani wa pesa, mjukuu akauficha mwisho wake kwa kiganja na kuniambia nisome kiasi. Nilisoma 83,500. Kilikuwa 33,500. Tarakimu 3 na 8 hutofautiana kwa upande wa kushoto tu, kama ilivyo kwa 0 na 6 ambazo hutofautiana kwa kikia kidogo, na jicho langu lilikuwa likijaza pengo lisiloliona. Hapo hapo kwenye ukurasa wa herufi kuna Bold text, ambayo hufanya maandishi yawe manene. Nilipoiwasha, nilisoma kiasi cha ujumbe ule na cha jumbe nyingine nne bila kukosea. Ninamshauri kila mzee apime simu yake kwa ujumbe wa pesa, wala asipime kwa salamu, maana salamu mtu anaweza kuikisia.

Mwanga ulinipa kazi zaidi. Daktari wa macho aliwahi kunieleza kwamba kadiri tunavyozeeka mboni ya jicho hupungua upana na lenzi hugeuka umanjano, kwa hiyo mwanga unaofika ndani ya jicho huwa mdogo sana kuliko wa ujanani, na ndiyo maana kijana anasoma kwenye giza ambalo mzee haoni kitu. Nilitelezesha kidole kutoka juu ya kioo kwenda chini mara mbili, ukatokea mstari wenye alama ya jua, nikausukuma kulia mpaka mwisho. Mchana barazani ilikuwa furaha tupu. Usiku chumbani kioo kilinipiga machoni kama taa ya gari, na herufi zikazungukwa na ukungu mweupe. Jicho langu la kushoto limeanza kufanya mtoto wa jicho, na mwenye tatizo hilo mwanga mkali humtawanyikia ndani ya jicho, ukafuta kile alichotaka kukiona. Kumbe mwanga mwingi si lazima uwe mwanga wa kutosha.

Mjukuu alikuwa ameniambia niizime Adaptive brightness, yaani utaratibu wa simu kujipimia mwanga wa mahali ilipo, akidhani ndiyo iliyokuwa ikififisha kioo. Niliiwasha tena, kisha kwa siku chache, kila simu ilipochagua mwanga usionifaa, niliusogeza mstari wa jua kwa mkono. Simu hujifunza kutokana na marekebisho hayo. Kufikia wiki ya pili nilikuwa siugusi tena mstari ule, barazani wala chumbani.

Hatua ya mwisho ni ndogo, lakini bila hiyo nyingine zote zingenishinda. Simu ilikuwa imepangwa kuzima kioo baada ya sekunde 30, na kabla ya kuzima hufifia kwanza. Mimi nasoma polepole, na kila nilipofika katikati ya ujumbe mrefu mwanga ulishuka, nikadhani macho yamechoka, nikaiweka simu chini. Kwenye Display kuna Screen timeout, nami nimeiweka dakika 5. Nasikitika nikikumbuka ni mara ngapi niliyalaumu macho kwa jambo hilo.

Sasa niseme yasiyonipendeza. Chaji haikai kama zamani. Nilikuwa nachaji usiku tu, na sasa simu huomba umeme alasiri. Chaji ikishuka sana, hali ya kuokoa chaji hujiwasha yenyewe na katika simu yangu hupunguza mwanga, kwa hiyo nikiona maandishi yamefifia ghafla natazama kwanza alama ya betri. Pia kuna programu zisizoandaliwa kwa herufi kubwa: programu moja ya malipo ilikuwa ikisukuma kitufe cha kuthibitisha chini ya kioo, pasipofikika kwa kidole, nikawa sina budi kupunguza herufi kila nilipotaka kulipa, kisha kuzirudisha. Jambo hilo linaniudhi kwa dhati, kwa sababu anayehitaji herufi kubwa ndiye hasa asiyepaswa kukisia kitufe cha pesa. Na miwani ya kusomea bado naivaa. Herufi kubwa zimenipunguzia shida ya macho, hazijayatibu, na miadi yangu ya kliniki kuhusu jicho la kushoto iko palepale. Aliye na ukungu unaozidi, au mistari iliyonyooka anayoiona imepinda, asiishie kwenye simu, aende akapimwe.

Mjukuu aliondoka Januari. Siku tatu baadaye, saa mbili usiku, simu ililia nikiwa kitandani. Kwa mazoea nilinyanyua kichwa kumwita mtoto wa jirani, kisha nikajizuia. Nilivaa miwani, nikaishika simu umbali wa daftari la mwanafunzi, nikagusa jina la binti yangu. Herufi zilikuwa nene, nyeusi, zimetulia. Aliandika, "Shikamoo mama. Habari za huko? Mimi sijambo kidogo." Neno lile "kidogo" ningesomewa na mtoto lingepita. Nililitazama kwa muda mrefu, na kioo hakikufifia.

Nilimwandikia jibu kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, kwa muda usiopungua dakika kumi: "Marahaba mwanangu. Nimesoma mwenyewe, nipo peke yangu. Niandikie yote." Alama ya kuonyesha kwamba anaandika ikatokea, ikapotea, ikatokea tena. Ujumbe uliokuja ulikuwa mrefu kiasi kwamba kwa herufi zangu kubwa nilisukuma kioo juu mara tisa ndipo nikaufikia mwisho, kisha nikaurudisha mwanzo na kuusoma mara ya pili.